Mkono Uliomwaibisha Mzee wa Besi

Nianze na tukio, ugomvi utakuja wenyewe.

Pasaka moja, Ngombezi, kanisa limejaa mpaka watu wamesimama madirishani. Tunaimba Aleluya ya Handel, ule wimbo ambao kwaya nyingi za hapa nchini huutamani kama fundi kijana anavyotamani kujenga ghorofa. Tumefika mwisho. Zile aleluya za haraka zimefuatana, kisha kikaja kimya, kile kinachotangulia aleluya ya mwisho ya polepole. Ndani ya kimya kile, mzee aliyesimama kulia kwangu, besi wa miaka mingi aliyestaafu kwenye shamba la mkonge, akaachia "A!" peke yake, kwa kifua chote.

Watoto walicheka kwanza. Halafu wakubwa nao wakacheka. Baada ya ibada mwalimu wa kwaya akasema mbele yetu sote, "Mzee ametuharibia." Mzee akakunja nakala yake, akaitia mfukoni, na tangu siku ile hakukanyaga mazoezini.

Mimi nilikuwa pembeni yake na nilikuwa nikimtazama mwalimu. Niliuona mkono. Nilinyamaza kwa sababu ya woga na adabu, na kunyamaza huko kumenikera hadi leo. Basi nasema sasa: aliyekosea si mzee. Mwalimu aliendelea kupiga mapigo ndani ya kimya, mkono ukishuka kutoka usawa wa kichwa mpaka kiunoni, kwa nguvu ileile aliyotumia kutuingiza mara zote za nyuma. Mzee alifanya alichofundishwa, yaani mkono ukishuka hivyo, imba. Ni kweli sisi wengine hatukuimba, lakini wengi walikuwa wamezembea, hawakuwa wanamtazama mwalimu. Aliyemtazama na kumfuata ndiye aliyeaibika.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu mwaka huu mpwa wangu, mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni, alipokuja likizo alikabidhiwa wimbo huohuo aufundishe. Alikuja kwangu na simu mkononi. "Mjomba, nimeshausikiliza mara ishirini, sasa nianze kuwafundisha." Nikamwambia, mwanangu, bado hujaanza.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Kuna desturi imeota mizizi kwenye kwaya zetu: mwalimu anasikiliza wimbo kwenye simu, anaushika juujuu, anakwenda mazoezini kujifunza pamoja na waimbaji, kisha siku ya siku anasimama mbele na kucheza. Tunamsifu kwamba ana moto. Ninachodai ni hiki: mwalimu anatakiwa amalize kujifunza wimbo kabla ya kukutana na kwaya, na ajifunze kutoka kwenye nakala. Na mkono wake uonyeshe kitakachokuja. Mkono unaoonyesha kilichokwisha tokea haumsaidii mtu.

Tuanze na simu. Spika ya simu ni ndogo, na sauti za chini haiziwezi. Ukiwaambia besi wasikilize sehemu yao kwenye simu, watakachosikia ni soprano na kivuli cha besi, na kile kivuli watakijaza kwa kubuni. Ndiyo maana kwaya nyingi zilizojifunza kwa simu zina soprano safi na besi wanaofuata soprano kwa chini, kila mtu na njia yake. Pia kuna rekodi za wapigaji wanaotumia vyombo vya aina ya zamani, wanaotyuni takriban nusu toni chini ya kinanda chetu. Wimbo umeandikwa kwenye ufunguo wa D, lakini kwenye rekodi hizo unausikia chini ya hapo. Mwanafunzi asiyeitazama nakala atabishana na mpiga kinanda jioni nzima, na wote wawili watakuwa wanasema kweli.

Utaniambia babu zetu walifundishana ngoma na nyimbo bila karatasi, na ziliimbwa barabara. Ni kweli kabisa. Ila kumbuka, yule aliyeongoza ngoma alikuwa anaijua yote, kila mwitikio na kila mahali pa kukaa kimya, kabla hajasimama katikati ya duara. Hakwenda pale kujifunza. Karatasi ni njia tu ya kufika mahali alipokuwa amesimama yeye. Simu haikufikishi.

Sasa tuje kwenye nakala yenyewe. Kwaya zetu nyingi zinasoma solfa, zile herufi za do re mi ambazo Mwingereza John Curwen alizisambaza kuanzia miaka ya 1840, akijenga juu ya kazi ya mwalimu mmoja wa Norwich, Sarah Glover. Kuna watu wanaidharau solfa, eti muziki wa kweli uko kwenye mistari mitano. Sikubaliani nao. Solfa inakuonyesha sauti nne zote na mapigo yake yote. Nukta mbili hutenga pigo na pigo, nukta moja hugawa pigo nusu, kistari hurefusha nota.

Ila ina mtego mmoja, na huo mtego ndio uliommaliza mzee wangu. Kwenye mistari mitano, kimya kina alama yake, unaiona kwa macho. Kwenye solfa, kimya ni nafasi tupu. Hakuna kilichoandikwa. Jicho la mtu anayesoma kwa haraka linaruka pale kama gari linavyoruka mtaro mdogo, likatua kwenye herufi inayofuata. Kwa hiyo kazi ya kwanza niliyompa mpwa wangu haikuwa kuimba. Nilimpa penseli nyekundu na kumwambia azungushie duara kila nafasi tupu kwenye nakala, sauti zote nne, mwanzo hadi mwisho. Ilimchukua jioni nzima. Alipomaliza akaniambia, "Kumbe wimbo huu umejaa mashimo!" Ndiyo. Handel ameujenga kwa mashimo hayo.

Tazama baa ya kwanza ya kwaya, na hapa nasema baa ya muziki, siyo ile ya bia. Vyombo vinapiga baa tatu, kwaya inaingia ya nne, kwenye pigo la kwanza. Silabi ya kwanza ina pigo moja na nusu. Zinafuata silabi tatu fupi, nusu pigo kila moja. Jumla mapigo matatu. Pigo la nne ni tupu. Sasa kumbuka kwaya unazozijua: ile "ya" ya mwisho huwa inavutwa mpaka inajaza pigo la nne lote, na aleluya ya pili inabandikwa juu yake bila pumzi. Baada ya baa chache watu wamechoka, na wimbo unakokotwa kama gunia. Wanalaumiwa kwamba hawana pumzi. Pumzi waliandaliwa na mtunzi, ila mwalimu hakuiona.

Kazi ya pili ni kuchora ramani. Wimbo una baa 94, na mtu akiutazama wote kwa mkupuo anaogopa. Lakini ukiuliza swali moja tu, nani anaimba na nani, unagawanyika wenyewe. Mwanzoni sauti nne zinatamka pamoja, neno kwa neno. Kisha, kuanzia baa ya 12, wote wanaimba mstari mmoja, wanaume chini na wanawake juu, bila kugawana sauti. Baadaye mambo hayo mawili yanachanganywa, huyu anashika mstari ule mrefu, wale wanapigilia aleluya. Halafu kila kitu kinatulia, sauti nne zinakwenda pamoja tena kwa utaratibu. Mara besi wanaanza mada mpya peke yao, tena wanawafuata, kisha alto, mwisho soprano. Mbele kidogo soprano wanashika nota ndefu, wanapanda hatua kwa hatua, huku wengine wakijibu kwa nota fupi chini yao. Kisha kila kitu kinakusanywa mpaka kwenye kile kimya.

Faida ya ramani si kujua historia ya wimbo. Ramani inakupa ratiba ya mazoezi. Watu wa Ngombezi wanaokuja kuimba jioni, wengi wametoka kwenye kazi za mikono tangu alfajiri. Ukiwakalisha alto dakika arobaini wakiwasubiri besi, umewaibia. Mpwa wangu alipanga hivi: siku ya kwanza aanze na ule mstari wa pamoja, kwa sababu wote wanajifunza kitu kimoja kwa wakati mmoja na kila mtu anaondoka na kitu. Pale wanapoingia mmoja mmoja, mada inakaribia kuwa ileile kwa kila sauti, basi akaamua kuwafundisha mada hiyo wote kwa pamoja kwanza, kila sauti mahali pake, ndipo awapange kwa zamu. Mtu anayefuata rekodi huanza baa ya kwanza na kusonga mbele mpaka muda unaisha. Mwanzo wa wimbo unaimbwa mara mia, mwisho mara mbili. Halafu tunashangaa kwa nini ajali hutokea mwishoni.

Kazi ya tatu ndiyo inayokimbiwa zaidi: mwalimu aimbe mwenyewe sauti zote nne, moja baada ya nyingine, bila kinanda. Kila sauti inapoingia baada ya kunyamaza, ajiulize wataitoa wapi nota yao. Tena wanapoingia baada ya besi, ile nota yao ya kwanza imesikika wapi punde tu kabla? Kwenye sauti ipi, au kwenye kinanda? Akiipata, aiandikie mshale. Mazoezini atawaambia, "Sikilizeni pale, ndipo mnapochukua nota yenu." Asipoipata, tena wataingia kwa kubahatisha, na yeye atawafokea kwamba hawasikii. Mpwa wangu alikwama kwa alto. Alifikiri ni rahisi kwa sababu hawapandi wala hawashuki sana, alipoiimba akajikuta anateleza kwenda soprano kila mara. "Sasa nimewaelewa mama zangu wa alto," akasema. Hilo ndilo nililotaka. Alijua watakosea wapi kabla hawajakosea.

Sasa mkono. Mapigo manne huchorwa hivi kwa mkono wa kulia: la kwanza chini, la pili kushoto, la tatu kulia, la nne juu. Hilo kila mtu analijua, na wengi huishia hapo. Lakini mchoro si uongozi. Mwimbaji hafuati mchoro. Anafuata mahali mkono unapogusa, kana kwamba kuna meza isiyoonekana mbele ya tumbo lako na wewe unaigonga kwa ncha za vidole. Mguso ukiwa wazi, hata mchoro mdogo wa shubiri moja unatosha. Usipokuwa wazi, unaweza kupunga mpaka mabega yang'oke, na kila mtu atachagua mwenyewe pigo lilikuwa wapi.

Na kabla ya kila kuingia kuna pigo la maandalizi. Hapa naomba nieleweke, maana ndipo penye kila kitu. Kwaya inaingia kwenye pigo la kwanza la baa ya nne, basi kazi yako inafanyika kwenye pigo la nne la baa ya tatu. Mkono unapanda, na wewe mwenyewe unavuta pumzi kwa mdomo, waone. Pigo hilo moja linawaambia mambo matatu: mwendo, nguvu, na wakati wa kuvuta pumzi. Likiwa la haraka, wataingia haraka. Likiwa kubwa, wataingia kwa sauti kubwa. Mkono ukishuka kwenye la kwanza, habari imeshafika zamani. Kuhesabu kwa mdomo "tatu, nne!" ni kukiri kwamba mkono wako hausemi kitu.

Turudi kwenye kimya kile. Mpwa wangu alichagua mwendo wa mapigo 88 kwa dakika kwa wimbo mzima, na 50 kwa ile aleluya ya mwisho, ambayo Handel ameiandikia Adajio, yaani polepole. Hesabu ni nyepesi. Kwenye mwendo wa 88, pigo moja linachukua takriban sekunde 0.7. Kwenye 50, sekunde 1.2. Sasa mwalimu ambaye hakujiandaa anafika kwenye kimya akiwa bado na mwendo wa haraka mwilini. Anatoa pigo la maandalizi la sekunde 0.7, halafu anakumbuka kwamba ni polepole, anachelewesha kushuka. Ndani ya ile nusu sekunde ya ziada watu hamsini wana pumzi vifuani na midomo wazi. Yupo atakayeanguka. Kosa lilishafanyika kwenye maandalizi, ila atakayesikika ni mwimbaji.

Dawa yake ina sehemu tatu. Kwanza, kata aleluya ya mwisho ya haraka kwa mguso mdogo, halafu mkono usimame palepale ulipokatia. Usiushushe, usiupandishe. Pili, kimya chote hesabu moyoni. Usipige mapigo matupu. Kama mpiga kinanda anakuhitaji, mpe kwa jicho. Tatu, kabla ya kuandaa, badilisha mwendo kichwani: isikie ile aleluya ya polepole ndani yako kwanza, kisha panda kwa mwendo wake, sekunde nzima na ushee, ukivuta pumzi ndefu kama unayotaka waivute. Kisha shuka.

Tulifanya majaribio jikoni kwa dada yangu. Mimi ndiye kwaya, sufuria ndiyo kinanda. Nilimwambia, nitafanya kile tu mkono utakachoniambia. Mara ya kwanza aliukata vizuri, lakini kiwiko kikatikisika katikati ya kimya, nikaimba. Dada akacheka. Mpwa wangu hakucheka, akaketi. "Kumbe nilikuingiza mimi." Mara ya pili alisimama kama mti, ila maandalizi yakawa ya haraka, nikaingia kabla yake. Ikachukua mara tisa mpaka nikakaa kimya bila kujikaza, na nikaingia pamoja naye bila kujiuliza. Mara tisa, jikoni, mbele ya mtu mmoja. Ni nafuu kuliko mara moja mbele ya kanisa.

Najua kuna wasomaji watakaosema nataka mwalimu wa Kiafrika asimame kama sanamu, asicheze. Hapana. Kuna nyimbo ambazo mwili mzima ndiyo mapigo, na mwalimu akisimama wima anaziua. Nina neno moja tu la kuwauliza wachezaji: unapocheza, mwimbaji wa nyuma kabisa, aliyesinzia kidogo, ataijuaje sehemu ya kuingia? Kama unaweza kujibu, cheza. Kama jibu ni "watazoea", basi wewe ni mwimbaji mwenzao uliyesimama upande usiofaa.

Wapo pia watakaosema haya ni mambo ya vyuo, kijijini hakuna muda. Lakini sijataja kifaa chochote cha chuo. Penseli nyekundu, nakala, koo lako, na jioni chache za peke yako. Muda unaokosekana kijijini ni wa waimbaji, na ndio huo tunaouchezea tunapokwenda kujifunzia mbele yao.

Wiki mbili kabla mpwa wangu hajaanza mazoezi, tulikwenda nyumbani kwa yule mzee. Alitukaribisha uani, akasikiliza ombi letu lote bila kutukatiza. Nikamwambia na lile nililopaswa kusema miaka ile: mzee, siku ile niliuona mkono, hukukosea. Akanitazama kidogo. Kisha akamgeukia mpwa wangu.

"Mjukuu wangu, pale penye kimya, mkono wako unafanya nini?"

Hakueleza. Alisimama, akainua mkono, akakata, akauacha hewani. Mzee akautazama mkono ule kwa muda mrefu. Kuku walikuwa wanapita miguuni, mkono haukutikisika. Ulipoanza kupanda polepole, nikaona kifua cha mzee nacho kinapanda.